Vodka Isiyochoma

Mwanamke aliyenifundisha vodka hakuwa mnywaji. Alikuwa mama wa kanisa, kutoka upande wa Limuru, na katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumwona akimeza hata tone. Alionja, akatema, akapangusa midomo kwa leso, halafu akasema neno moja au mawili ambayo sisi wengine tungeyatafuta mchana kutwa. Pale kazini sote tulimwita Madam.

Baa ilikuwa juu ya mkahawa mmoja katikati ya mji, na yeye ndiye aliyeisimamia. Kabla ya hapo alikuwa ameajiriwa muda mrefu katika maabara ya kiwanda cha pombe kali. Kazi yake huko ilikuwa kunusa. Kila pipa lililotoka mtamboni lilipita chini ya pua yake kabla halijatiwa chupani, na akikunja uso, pipa hilo lilirudishwa kuchemshwa upya. Meneja wake, alituambia, alikuwa na mashine ya kupima ambayo iligharimu kama nyumba, na bado alimpelekea yeye kionjo kabla ya kutia sahihi.

Mimi nilikuwa nimetoka Kakamega, nikapita baa mbili tatu za Parklands kabla ya kufika kwake. Nilijua kuchanganya vinywaji na nilijua kuongea na wateja. Vodka, kwangu, ilikuwa maji makali tu. Siku moja asubuhi, tukipanga glasi kabla ya kufungua, nikamwambia hivyo hivyo.

"Madam, si vodka zote ni kitu kimoja? Tofauti ni chupa na bei."

Sikumwona akikasirika. Alitabasamu, akaniambia nilete chupa tatu alizozichagua mwenyewe na jagi la maji ya kawaida.

"Na usinipe ya friji," akasema. "Baridi inaficha. Ukitaka kujua pombe, iache ipate joto la nyumba, halafu itie maji nusu kwa nusu. Hapo haina pa kujificha."

Akamimina. Ya kwanza ilikuwa ya molasi, ile sharubati nzito nyeusi inayobaki viwandani sukari ikishatolewa kwenye miwa. Ya pili ilikuwa ya ngano. Ya tatu ya viazi. Nilinusa ya kwanza, nikanusa ya pili, nikanusa ya tatu, na mara tatu pua yangu ilinipa jibu moja.

"Zote ni sawa," nikasema.

"Karibu zote ni sawa," alinisahihisha. "Na hiyo ndiyo sifa ya vodka. Mtu anachukua ngano, ama viazi, ama molasi, anaichachusha, anaichemsha kwa mtambo mrefu unaopandisha mvuke ngazi kwa ngazi, mpaka inabaki pombe tupu karibu yote. Ngano imeachwa huko chini. Halafu anatia maji mpaka inyweke. Sasa onja tena, lakini usitafute ladha. Tafuta uzito."

Nikaonja, nikatema kama yeye. Ile ya viazi ilikaa ulimini kwa unene kidogo, kama maji yaliyopikiwa wali. Ya ngano ilikuwa nyepesi, na mwishoni kabisa, pale nilipodhani imeisha, kulikuwa na kitu cha mkate. Ya molasi ilikuwa na utamu wa mbali sana. Nikamwangalia. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini alicheka mpaka akashika kaunta.

Tangu siku hiyo nikawa na kiherehere. Nilikuwa nimepanga chumba karibu na Kenyatta Market, na kwenye simu nilikuwa nimeona mtu akipitisha vodka ya bei rahisi kwenye jagi la kuchujia maji, lile lenye makaa ndani, akidai inageuka kuwa ya kifahari. Mke wangu alikuwa na jagi kama hilo. Jumapili moja nikanunua chupa ndogo, ile inayokwangua koo, nikaipitisha mara moja, mbili, tatu, nikairudia mpaka mke wangu akauliza kama chai yake sasa itanuka baa.

Jumatatu nikampelekea Madam glasi mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Akanusa. Akaonyesha ya kushoto papo hapo.

"Hii umeichuja."

"Imekuwa nzuri?"

"Harufu imepoa. Hiyo makaa imefanya kazi yake, inanasa vitu vinavyonuka." Akaonja, akatema. "Lakini bado inachoma. Unajua kwa nini?"

Sikujua. Akavuta kiti, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akanieleza polepole. Pombe yenyewe inachoma, akasema, hata ile safi kuliko zote, kwa sababu inagusa mishipa ile ile inayouambia mwili kwamba umemeza kitu cha moto. Moto huo hakuna makaa yatakayouondoa, maana ukiuondoa umebaki na maji. Lakini juu ya huo moto wa kawaida kuna mwingine, wa uvivu. Mtambo ukianza kutoa, yale ya kwanza kabisa yananuka kama dawa ya kutoa rangi ya kucha. Yale ya mwisho yananuka katoni iliyonyeshewa. Mpishi mwangalifu anatupa ya mwanzo, anatupa ya mwisho, anabaki na ya katikati. Mwenye haraka anabaki na zaidi, ndipo koo lako linalia.

"Makaa inasaidia aliyepika vizuri," alimaliza. "Aliyepika vibaya inampunguzia aibu tu."

Halafu akaniambia nilifanya vizuri kujaribu. Nililibeba neno hilo siku nzima.

Ni miezi kadhaa baadaye ndipo alipokuja yule mzee. Alikuwa na nyumba za kupangisha Kileleshwa, mteja wetu wa chakula cha mchana, mtu wa kofia na fimbo, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Binti yake alikuwa anaolewa, na wageni wa upande wa bwana harusi wangepokelewa uwanjani mwa nyumba yake. Alitaka sisi tuhudumie vinywaji.

"Mama, jambo moja tu," akamwambia Madam. "Sherehe ya kijana wangu ile ingine, watu walilalamika. Ile vodka ilichoma watu kama pilipili. Safari hii nataka ile haichomi."

"Nimekusikia, Mzee."

"Na nimeshaipata. Mpwa wangu amenitafutia. Hii hata mtoto anakunywa." Akaweka chupa mbili kwenye kaunta, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. "Katoni zingine ziko kwa gari. Ninyi kazi yenu ni kumimina tu. Onja, uone."

Nilishika glasi. Nilitaka kuonyesha nilichojifunza, nielezee uzito, nitaje kama ni ngano au molasi. Nikafungua, nikamimina kidogo, nikanusa. Hakukuwa na harufu mbaya hata kidogo. Kulikuwa na utamu laini. Nikainua glasi.

Mkono wa Madam ukafunika mdomo wa glasi.

"Hapana," akasema.

Alikuwa ameziweka chupa zote mbili dirishani kwenye mwanga. Akaniita nisome namba iliyo kwenye stempu ya ushuru ya chupa ya kwanza. Nikaisoma. Akaniambia nisome ya pili. Ilikuwa namba ile ile, tarakimu kwa tarakimu. Kisha akapitisha ukucha chini ya kifuniko cha ile ambayo haikuwa imefunguliwa, na pete iliyopaswa kukatika chupa ikifunguliwa ikatoka nzima. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi.

"Mzee," akasema kwa upole, "stempu mbili haziwezi kuwa na namba moja. Hii chupa imejazwa na mtu, na hatujui amejaza nini."

"Lakini haichomi!" Mzee alikuwa ameanza kupandisha sauti. "Onja kwanza ndio uongee! Si wewe ndiye wanasema una ulimi?"

"Nina ulimi, ndiyo. Ndiyo maana najua mahali unapoishia." Alisukuma ile glasi mbali. "Kuchoma si dalili ya sumu, Mzee, na kutochoma si dalili ya usalama. Mtu akitia sukari, ama glisirini ile ya kupaka ngozi, pombe yoyote inalainika. Na ile spiriti mbaya inayopofusha watu, hiyo haina ladha ya kukuonya. Mimi siwezi kuionja nikaijua. Hakuna mtu anayeweza. Kichujio hakiiondoi. Ni maabara tu."

Nilikuwa nimesimama karibu sana na ile glasi, nikarudi hatua moja. Mbele yangu alikuwa mtu ambaye pua yake ilikuwa imerudisha mapipa mazima, na alichojivunia wakati ule, mbele ya mteja mkubwa, ni kusema hajui.

"Mpwa wangu hawezi kunifanyia hivyo," mzee akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Labda hata yeye ameuziwa. Mpigie umuulize ametoa wapi. Lakini wageni wako wasinywe hii, na wewe mwenyewe usiinywe nyumbani."

Akavua kofia, akaikalisha juu ya kaunta. "Sasa nifanye nini, mama?"

Madam akawapigia simu maafisa wanaokagua pombe. Walikuja mchana ule ule, wakachukua katoni kwenye gari la mzee na chupa zote mbili, wakaandika maelezo, wakaenda. Hatukuwahi kuambiwa kilichokuwamo. Nilimuuliza Madam mara moja kama alidhani ilikuwa sumu, akasema pengine ilikuwa pombe ya kawaida tu iliyotiwa utamu, na kwamba angefanya vile vile.

Siku ya sherehe tulipeleka ile ya molasi, iliyopikwa hapa hapa nchini, ya bei ya wastani. Madam alikuwa ameionja sampuli yake na kuipitisha kwa neno moja: "Imetulia." Tuliiweka kwenye barafu tangu asubuhi, kwa sababu safari hii, akasema, tulitaka baridi ifiche, halafu tukaimimina na ndimu, tangawizi na maji ya soda mengi, ili koo lolote lisikutane nayo ikiwa uchi.

Wageni walikula, wakaimba, wakajadiliana mambo ya mahari kwa mizaha mirefu. Mzee alipita meza kwa meza akiuliza, "Inachoma?" na watu wakimjibu hapana, akawa anageuka kutafuta macho ya Madam. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya meza ya vinywaji na kitambaa chake kichwani, akijimiminia chai kutoka kwenye chupa aliyotoka nayo nyumbani.

Alasiri mzee akamletea sahani ya nyama mwenyewe, akamwekea mbele yake kwa mikono miwili. Wageni wa heshima walikuwa bado hawajaongezewa.

"Kula, mama," akasema. "Wengine watangoja."

Madam akaketi, akala, na mimi nikasimama mahali pake nikaendelea kumimina.