Pete Ndani ya Foronya

Kinyozi wa hapa Kisauni alipompaka mwanangu povu la sabuni kisogoni, harufu yake ilinirudisha uani kwa shangazi.

Pete yake ya dhahabu ilikuwa imepotea. Alinikalisha juu ya kibao mbele ya majirani, akaninyoa nywele zote. "Mwizi ajulikane," alisema. Povu liliniingia machoni, wembe ukanikata juu ya sikio, na mama akasimama mlangoni kimya, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya wifi yake. Siku chache baadaye pete ilionekana ndani ya foronya ya shangazi. "Haya, yamepita," akasema, akanituma dukani.

Kwa miaka mingi, kila nilipolala, nilimnyoa yeye. Nilimkalisha palepale, majirani wakitazama, naye akilia. Nilikua, nikaolewa, na bado nilikuwa namnyoa. Nikachoka. Nikaanza kuikatiza ile picha, wembe ungali mkononi mwangu. Ilirudi, nikaikatiza tena, hata niliposikia yu mgonjwa nikajikuta namwombea nafuu, tena kwa dhati.

Nilipomwambia mama, alifurahi. "Basi twende ukamjulie hali."

"Siendi, mama."

"Si umemsamehe?"

"Nimemsamehe. Lakini alinidhulumu nikiwa mtoto, wala hajapata kulikiri. Mlango wake siukanyagi."

Mama alivaa buibui lake, akaenda peke yake. Nilimpa machungwa ampelekee, nikamwomba asiseme yametoka kwa nani.