Shilingi Zilizopotelea Namanga

Nilipoajiriwa karani wa hesabu katika mradi wa maji pale Machakos mjini, dereva wetu alikuwa mzee mpole kiasi cha kuniudhi. Kila mwezi aliwapeleka wageni wa mradi Arusha, na kila akirudi ripoti yake ya matumizi ilionyesha upungufu. Mkubwa wetu, mama mkali lakini si mbaya, aliukata kwenye mshahara wake. Mzee alisema tu sawa, madam.

Ijumaa moja jioni nilimkuta ameketi ndani ya gari, haendi nyumbani. Nikamkaripia kama baba yangu mwenyewe. Ndipo akaniambia mkewe amefunga mizigo, anarudi kwao Kithyoko Jumapili. Mshahara ulifika nyumbani umemegwa kila mwezi, na mkewe ameshaamua kwamba kuna mwanamke kule mpakani Namanga.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," akasema, "hata mimi sijui hizo pesa zinaenda wapi."

Roho iliniuma. Nikarudi ofisini, nikaifungua bahasha ya safari yake ya mwisho. Alikuwa amebadilisha shilingi zetu elfu kumi mpakani, akapewa 13.20 za Tanzania kwa kila moja, jumla 132,000. Karatasi ya duka la fedha ilikuwemo. Risiti za mafuta, chakula na vyumba nazo zilifika 132,000 kamili. Hapakuwa na kilichopotea. Ila madam alizigeuza ziwe za Kenya kwa bei ya benki ya siku ripoti ilipoandikwa, 13.80, na juu ya hayo akakata senti za kila risiti, eti senti si pesa. Bei peke yake ilimla mzee karibu shilingi 435, senti zikamalizia.

Madam alikuwa bado yupo, nami sikumbembeleza. Nilimwonyesha tujumlishe kwanza fedha za Tanzania, tugawanye kwa bei iliyo kwenye karatasi ya mpakani, senti zirekebishwe mara moja tu, mwishoni. Ikatoka elfu kumi. Alirudia kwa kikokotoo chake mpaka akavua miwani. Tangu hapo kila ripoti ilifuata njia hiyo, ya dereva na ya mkurugenzi.

Alitaka kumrudishia mzee makato yote palepale. Mzee akaomba pesa hizo akabidhiwe mkewe, tena na madam mwenyewe aliyezikata.

Jumamosi tukaenda nyumbani kwa mzee, Katelembo. Sanduku la mkewe lilikuwa tayari mlangoni. Madam alieleza kwa Kikamba, taratibu, kosa lote akalibeba yeye. Mama hakuzigusa zile pesa. Alikuwa akimtazama mumewe.

"Na wewe ulikuwa unanyamaza kwa nini?"

"Niliogopa nikiongea nitafutwa kazi, na nikifutwa utakula nini."

Mama alishika sanduku upande mmoja, akaanza kulivuta ndani, na mzee akainuka akashika upande wa pili. Mimi nililia mbele ya madam wangu, na sioni haya kulisema.