Kipande cha Njoka

Usimwambie Nelius wa Majimbo, Embu, eti brauni, kile kitafunwa cha chokoleti, ni keki tu, atakufokea. Siagi na sukari zikizidi unga, brauni hutoka nzito, yenye unyevu. Ukizipunguza, mayai na unga hutawala, nayo huumuka kama keki.

Kila akioka, mumewe Njoka huonja kipande cha pembeni. Jumamosi alikibonyeza kwa kidole. Kikainuka tena kama mkate. Akakirudisha kwenye sahani.

"Mama Runji, umepunguza sukari na siagi."

"Nilikosea vipimo."

"Wewe? Ukosee vipimo?" Akamtazama mkewe. "Yale majibu yangu ya damu, uliyachukua hospitalini?"

Nelius alifunga kwanza mlango wa jikoni, watoto wasisikie.