Herufi Aliyoifuta Bwanausi

Hajra wa Mkange aliolewa na Masoud akiwa bado na wino wa mtihani wa kidato cha nne vidoleni, na tangu hapo hakuwahi kumwona mumewe akishika mpini wa jembe ila kuusogeza apate pa kukaa. Masoud alikuwa dalali wa ng'ombe. Hivyo ndivyo alivyojiita. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwona na ng'ombe, wala na mnunuzi wa ng'ombe, lakini simu alikuwa nayo na alijua kuishika kwa namna ya mtu mwenye shughuli. Asubuhi aliamka jua limekwisha kuchoma, akaitisha maji ya moto ya kuoga, akaoga, akavaa kanzu, akaenda barazani kusubiri ng'ombe.

Hajra hakumchukia. Chuki inataka nguvu, na nguvu zake zilikuwa na kazi nyingine: kisima, ufuta, mahindi, kinu, watoto. Alimdharau tu, kwa utulivu, kama mtu anavyolidharau paa linalovuja ambalo hana la kulifanya.

Mashairi alikuwa akiyatunga shambani. Wanawake wa mtaa wao walilimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na wakati wa palizi Hajra ndiye aliyeanzisha, wenzake wakapokea kibwagizo. Mwaka ule alitunga shairi lililowakaa midomoni hata wakawa wanaliimba wakichambua mchele. Ubeti wake wa kwanza ulikuwa huu:

Giza bado naamka, naelekea kisima,
Ndoo nzito najitwika, kutwa shamba nainama,
Nyumbani nikishafika, natwanga nimesimama,
Wote wamekwisha kula, jua lazama sijala.

Wanawake walipenda kibwagizo. Hajra akianza "jua lazama," wao walipokea "sijala," kila mmoja kwa sauti yake na kwa njaa yake. Hapo hakuna aliyekuwa akimwimbia Hajra. Ile "si" ilitosha kuwaingiza wote.

Shairi likafika kwa Bwanausi. Huyu alikuwa binamu yake Masoud, mkazi wa Bagamoyo mjini, mwenyekiti wa chama cha washairi chenye kofia nyingi kuliko mashairi. Alikuja Mkange kuandaa sherehe ya siku ya wanawake, kwa kuwa diwani alitaka pawe na ushairi, na kwa fikra za Bwanausi ushairi ulikuwa yeye. Alimkuta Hajra akitwanga, akamwomba amsomee, akarekodi kwa simu bila kumwambia apumzike. Hajra alipomaliza, yeye akakunja uso kwa utaalamu.

Alisema vina vimekaa. Mizani imetimia, nane kwa nane, hakuna mshororo uliopungua. Lakini ipo kasoro ya nafsi. Shairi lote linasema mimi, mimi, mimi, na atakayelighani jukwaani ni yeye. Hajra akauliza kwa nini asilighani mtungaji. Bwanausi akacheka kidogo, akaeleza kuwa mgeni rasmi atakuwapo, na wazee watakuwapo, na mke wa mtu kusimama mbele ya umati akilalamika si picha nzuri. Jina la Hajra atalitaja, asiwe na wasiwasi. Ila yeye, mwanamume mwenye ndevu, hawezi kusimama akasema naamka, natwanga, natumwa. Watu watamwonaje?

Hajra akauweka mchi chini.

"Shemeji," alisema, "lugha yetu haina 'na' ya mke na 'na' ya mume. 'Naamka' anasema yeyote aliyeamka. Anayesema ndani ya shairi si lazima awe yule anayelighani. Mwaka jana ulighani shairi la punda, ukasema nimebebeshwa, nimechapwa. Uliota mkia?"

Bwanausi akajibu kwamba punda ni fumbo, na watu wazima wanajua. Mwanamke si fumbo.

"Basi kumbe punda unaweza kuwa," akasema Hajra. "Mimi ndiye usiyeweza."

Akachukua mchi. Bwanausi akaona heri kukubali kwa maneno. Akaahidi kulighani kama lilivyo, akaondoka na mfuko wa mihogo aliyopewa bila kuomba, maana Hajra alilelewa vizuri.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Wanawake walikaa chini juu ya kanga, wanaume juu ya viti vya plastiki. Siku ilikuwa yao, viti havikuwa vyao. Masoud alikuwa safu ya mbele karibu na diwani, kwa sababu shairi lilikuwa la mkewe na heshima ya mke huenda kwanza kwa mume, kwa njia ya mkato. Bwanausi akapanda jukwaani na kofia ya kiua, akakohoa, akataja jina la Hajra kwa haraka ya mtu anayetema kokwa, kisha akaanza kwa sauti nzuri. Sauti hakunyimwa.

Giza bado aamka, aelekea kisima,
Ndoo nzito ajitwika, kutwa shamba ainama,
Nyumbani akishafika, atwanga amesimama…

Hajra akasikiliza jinsi alivyoibiwa. Kazi ilikuwa safi, hilo alilikubali. Kila palipokuwa na "na" mwanzoni mwa kitendo, Bwanausi alifuta n akaacha a, na kila "ni" akaigeuza "a." Mizani haikupungua hata moja. Vina havikutikisika. Mtu asiyelijua shairi asingesikia mahali palipokatwa. Lakini yule mwanamke aliyekuwa akisema alikwisha kuondoka, na mahali pake palikuwa na mwanamume aliyesimama pembeni, mikono nyuma, akimtazama mwanamke anavyoinama. Maneno yalikuwa yaleyale na kazi ileile. Malalamiko yamekuwa sifa. Ukisema "nainama," mgongo unauma. Wakisema "ainama," mgongo unapendeza.

Ubeti wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Hajra alikuwa ametunga hivi: "Natumwa na alolala, maji ya moto aoge." Hiyo ni kauli ya kutendwa: yupo anayetumwa, na baada ya ile "na" yupo anayetuma, naye amelala. Bwanausi akaghani: "Ajituma asolala, maji mumewe aoge." Mtumaji amefutwa. Anayelala naye ametoweka, usingizi wake ukageuzwa kukesha kwa mke. Sasa mwanamke anajituma mwenyewe, hajaagizwa na mtu, na mume anaoga tu, hana kosa, kama mtoto mchanga. Masoud alitikisa kichwa kwa furaha na kumgeukia diwani, akimwonyesha kwa kidole gumba kwamba anayesifiwa ni wa kwake.

Bwanausi alijua kwamba kibwagizo ni mali ya wasikilizaji. Ubeti wa kwanza aliumalizia mwenyewe; alipofika mwisho wa huo wa pili akanyoosha mkono kuwaita wapokee: "Wote wamekwisha kula, jua lazama…"

"Sijala," wakasema wanawake.

Hawakupanga. Wangepanga vipi, wakati wengi wao hawakuwa wamegundua kilichobadilishwa? Walipokea kama walivyozoea kupokea wakiwa na majembe mikononi. Bwanausi akatabasamu, akarudia peke yake kwa upole wa mwalimu: "hajala." Akaingia ubeti uliofuata, akanyoosha mkono tena. Safari hii walikuwa wamesikia. Mwanahija, jirani yake Hajra, mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, akaanza kabla ya wengine, na uwanja wote uliokaa chini ukajibu sijala.

Kilichomtia Bwanausi kitanzini ni ufundi wake mwenyewe. "Hajala" na "sijala" zina mizani sawasawa, kwa hiyo hakuweza kusema wamekosea wimbo. Mlango aliouingilia kirahisi ulikuwa rahisi vilevile kwa wanawake kuutokea. Kila alipomaliza kumsimulia yule mwanamke wake mtiifu, wanawake wapatao mia walisema ni mimi. Kufikia ubeti wa mwisho hakuwanyooshea mkono tena, nao hawakuungoja.

Wanaume kwenye viti walianza kutazamana. Shairi lililokuwa likisifu wake zao sasa lilikuwa linawauliza wao walikuwa wapi. Masoud hakuwa anatabasamu tena. Diwani akapiga makofi, maana kupiga makofi ndiyo kazi aliyoijua, na Bwanausi, ambaye aibu haikumpata kwa sababu haikujua pa kumshikia, akachukua kipaza sauti akaeleza kwamba hayo majibizano ya nafsi mbili ni mbinu aliyoibuni mwenyewe. Watu wa mjini waliokuja naye wakashangilia mbinu.

Hajra akakung'uta kanga yake akaenda nyumbani. Hakutaka hata kumgombeza. Alihisi kwamba maneno yakitumika kwa mtu wa namna ile yanachakaa.

Masoud alimkuta akipalia moto jikoni. Alikuwa amevimba kwa hasira. Alisema ameaibishwa mbele ya kata nzima, kwamba sasa watu watasema halishi nyumba yake, anamtuma mke kama mtumwa na kulala. Alilipenda shairi lilipoanza, akasema, lilikuwa la heshima. Wanawake ndio walioliharibu.

Hajra alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Baba Sabiha, kwenye shairi langu sikutaja jina. Nimesema 'alolala.' Nani kakwambia kuwa ni wewe?"

Masoud akachukua kanzu ya pili na kwenda kuhamia kwa dada yake, Mgeni, akitangaza njiani kwamba harudi mpaka aombwe radhi.

Hakuombwa. Mgeni alimpokea kwa wali siku ya kwanza, kwa ugali siku zilizofuata, na Masoud alipoitisha maji ya moto akiwa bado kitandani, dada yake alimletea ndoo tupu akaiweka mlangoni bila neno. Mgeni pia alikuwa uwanjani siku ile, juu ya kanga, chini. Masoud akarudi nyumbani mwenyewe, mchana wa jua kali, akidai amekuja kuangalia mbuzi.

Bwanausi alilighani shairi redioni, la "hajala," na akasifiwa kwa kuwajali akina mama. Mtangazaji akamwomba aje na jingine. Hajra alilisikia akiwa shambani kupitia simu ya Mwanahija, akasema izimwe, inamaliza chaji. Yeye aliendelea kualikwa arusini na kwenye maulidi ya wanawake, Mkange na vijiji vya jirani, na huko alilighani mwenyewe kama alivyolitunga, na hakumruhusu mtu yeyote kumbadilishia nafsi, hata mwalimu mmoja aliyempendekezea kwa nia njema aandike "sisi" ili isionekane ni mambo ya nyumbani kwake.

"Ni mambo ya nyumbani kwangu," alimjibu.

Masoud siku hizi huchota maji. Hujaza ndoo nusu, huipeleka kwa baiskeli, na njia nzima huwasalimia watu kwa sauti ili waone. Akifika huiweka uani na kusimama kando yake akingoja aambiwe kitu. Hajra humtazama kama unavyomtazama mbuzi aliyejifunza kufungua mlango, kisha huichukua ile ndoo, humimina maji kwenye mtungi, na kumrudishia tupu.