Jina la Tatu Kwenye Lebo

Siku mbili kabla ya mahafali ya chekechea, mwalimu wa mwanangu alituma faili la PDF kwenye kundi letu la wazazi la WhatsApp. "Wazazi, hakikini majina. Kesho naprinti lebo za kubandika watoto kifuani." Lebo zilikuwa ishirini na nne kwa ukurasa, zimepangwa kama matofali. Nikakuza kwa vidole mpaka nikamwona binti yangu. Jina la kwanza lipo, la pili lipo. La tatu limekatwa, zimebaki ncha za juu za herufi, kama watu waliozama wakaacha nywele.

Jina la pili ni la mwanaume aliyekwenda machimboni mimba ikiwa na miezi minne, na mpaka leo anachimba. La tatu ni la baba yangu. Baba ndiye anayempakia mtoto kwenye baiskeli kila asubuhi tangu tuhamie Kalangalala, na ndiye anayejua kwamba uji hanywi mpaka upoe. Wiki nzima alikuwa ananiuliza, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, na mimi nitaandikwa?" Nilikuwa nimemjibu ndiyo.

Asubuhi nilifika shuleni sijanywa hata chai.

"Mwalimu, baba yangu umempeleka wapi?"

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai."

Akafungua kompyuta, akanionyesha orodha. Majina matatu kamili. "Unaona? Kwenye orodha yupo."

"Mtoto havai orodha."

Akacheka, mimi sikucheka. Akafungua ule ukurasa wa lebo, ndipo naye akaona. Alikuwa ameweka herufi kubwa ili zionekane kwenye picha. Majina mafupi yalienea mistari miwili. Ya mwanangu yalimwagikia mstari wa tatu, na kimo cha kila kisanduku kimefungwa, kwa hiyo kinachozidi kinafichwa.

"Basi kivute kisanduku kirefuke," nikamwambia.

Akakivuta. Safu zote zikateremka, ya mwisho ikarukia ukurasa mwingine. Akachukua karatasi ya stika mezani, akanipiga nayo mkononi taratibu. "Hizi zimekatwa tayari kiwandani. Nikirefusha kimoja, nusu ya darasa watavaa majina ya wenzao."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo herufi zipungue, za wote. Wewe umezoea kugomba, sogeza kiti."

Nikakaa. Ile PDF hakuigusa, alisema ile ni kama chapati iliyokwisha kuiva. Alirudi kwenye faili la mwanzo, akapunguza herufi kwenye lebo ya kwanza, akaisambaza kwa zote, akaziunganisha upya na orodha, akatoa PDF nyingine. Akaprinti kwanza kwenye karatasi ya kawaida, akaiweka juu ya ile ya stika na kuniambia nizishike dirishani penye mwanga. Hazikulingana. Printa ilikuwa imeubana ukurasa ili uenee. Akachagua ukubwa halisi, akaprinti tena. Safari hii kila jina lilikaa nyumbani kwake. La baba yangu nalo, dogo, lakini zima. Kumbe na mwalimu alikuwa hajanywa chai. Nikaenda kununua maandazi.

Siku ya mahafali baba alivaa shati jipya, lina mikunjo ya dukani bado. Mtoto alipobandikwa lebo tu, baba akachuchumaa mbele yake, akasogeza uso, akaurudisha nyuma.

"Mmewaandikia sisimizi?"

"Miwani uliiacha wapi, baba?"

"Miwani ni ya wazee." Akamgeukia mjukuu. "Nisomee wewe. Si ndiyo umehitimu?"

Mtoto akainamisha kidevu mpaka kifuani. Kwake maandishi yalikuwa kichwa chini miguu juu. Akajaribu, akakasirika, na hasira hiyo naijua ilikotoka. Akaibandua lebo, akaibandika kwenye shati la babu yake, akasimama mbele yake na kuanza kusoma kwa kidole. Jina lake. Jina la yule. Alipofika mstari wa tatu akasita.

"Guku, huyu si wewe?"

"Soma, usiniulize."

Akasoma. Baba akamwambia arudie, hakusikia vizuri. Anasikia vizuri kabisa.

Kisha wakaanza kuitwa mbele. Mwalimu alikuwa anasoma majina kifuani kwa kila mtoto. Wangu akafika mikono mitupu, kifua kitupu. Mwalimu akanitafuta kwa macho, nami nikamwonyesha shati la baba. Baba hakungoja kuitwa, akapanda naye pale mbele, akasimama wima kama anapimwa kimo. Mwalimu akainama, akalisoma jina la mwanangu kutoka kifuani kwa mzee, majina yote matatu, la mwisho kwa sauti kubwa kuliko mengine.

Lile shati nimelifua mara nyingi sasa. Lebo naibandua kabla ya kulowesha, baba anairudisha kwa gundi.