Miguu Miwili, Si Maabara

Mvua ya kwetu Ronge, juu milimani, hainyeshi tu, inahamia. Jioni moja dada yangu alifika nyumbani amelowa chapachapa, na asubuhi alitakiwa Voi kwa mahojiano ya kazi. Viatu vyake vyeusi, vya soli ya kubandikwa kwa gundi, ndivyo pekee alivyokuwa navyo, navyo vimelowa.

Mama akavichukua aviweke kando ya jiko la makaa.

"Mama, moto utalegeza gundi," nikasema.

"Nani kakwambia? Nimekausha viatu hapa kabla hujazaliwa."

"Basi tujaribu. Kimoja kwako, kimoja kwangu."

Dada akavinyakua vyote. "Hii ni miguu miwili, si maabara!"

Lakini akanipa mimi. Nikatoa kamba na soli za ndani, nikavijaza magazeti, nikaviweka mlangoni panapopita upepo. Kila karatasi zilipolowa nilizibadilisha. Blauzi yake hatukuisokota. Tuliiviringisha ndani ya taulo kavu, tukaikandamiza, kisha tukaitundika hapohapo.

Mama, kwa ubishi, akaweka viatu vyake vya kanisani, navyo vya gundi, kando ya jiko.

Asubuhi viatu vya dada vilikuwa na ubaridi kidogo tu ndani, na soli imeshika. Akavaa, akateremka kwenda Voi. Kiatu kimoja cha Mama kilikuwa kimeachama mdomo.

"Hicho kilikuwa kimezeeka," akasema, akaninyooshea cha pili, kizima kabisa. "Mbona hiki hakijabanduka, msomi?"

Nimelifikiria swali hilo mpaka leo.