Simba wa Kaka Yake

Diploma yangu ya filamu niliipata ng'ambo, mchana nikisoma, jioni nikiosha sufuria za watu, na sikusaidiwa na mtu. Niliporudi Kisumu nilikodi chumba Milimani, nikaweka kompyuta kubwa, nikaanza kutafuta hadithi ya filamu yangu ya kwanza nyumbani.

Niliipata kwa nesi mmoja wa Port Victoria. Alikuwa ameandika hadithi fupi kuhusu marehemu kaka yake, na hakutaka kuitoa ovyo. "Nionyeshe aya ya kwanza kwa picha," aliniambia. "Nikimwona kaka yangu, chukua hadithi. Nisipomwona, narudi nayo."

Aya yenyewe ilisema: kaka alitoka simba alfajiri akiwa na hasira, akapita jikoni kwa mama bila kusalimu, akashuka ziwani.

Kazi hiyo naijua. Niliigawa aya katika picha nne, kila moja na maelezo yake kwa mashine inayochora. Hasira haionekani kwa kamera, kwa hiyo niliandika taya zilizokazwa, ngumi zilizokunjwa. Tena mashine haikumbuki picha iliyopita, basi katika kila maelezo nilirudia: kijana mwembamba, shati la bluu lililofifia, suruali iliyokunjwa hadi magotini. Wengi hapa mjini hawalijui hilo, ndiyo maana mhusika wao hubadilika sura kila picha.

Nesi alikaa kando yangu, mkoba mapajani. Nikabonyeza. Picha ya kwanza, picha pana, ikatokea: kijana yuleyule niliyemwandika, shati la bluu, ngumi, na nyuma yake simba mwenye manyoya shingoni, ametulia kama mbwa wa boma.

Nesi alimwelekezea simba kidole.

"Bwana dairekta, huyu kaka yangu alikuwa anamfuga wapi?"

Nilikuwa nimenakili neno lake lilivyo. Mimi Mjaluo, na kwetu simba ni nyumba ya kijana bomani; nimelala katika simba yangu mwenyewe kabla ya kupanda ndege, nisingewaza mnyama hata kidogo. Mashine ilisoma Kiswahili tu.

"Diploma yako haikusoma Kijaluo?"

"Ilisomea mbali, mama."

"Basi iambie imerudi nyumbani."

Alikuwa anacheka, lakini mkoba ulikuwa umeshapanda begani. Nikafuta neno, nikaandika kinachoonekana: nyumba ndogo ya udongo ya kijana asiyeoa, paa la mabati, mlango mmoja wa mbao, karibu na lango la boma. Nikabonyeza tena, zote nne.

Kwenye ile ya jikoni, kijana anapita akitazama chini, moshi wa mama ukitoka mlangoni.  Nesi akasogeza kiti karibu na kioo.

"Ndivyo alivyopita," alisema. Kisha akaushusha mkoba sakafuni. "Haya, fungua aya ya pili. Na uisome yote kwanza."

Niliisoma mara mbili. Filamu ni yangu.